Umeombwa lugha tu, umeona hesabu haikai: kosa ulirekebishe kimya, uliwekee alama, au umwandikie mwenye faili?

Tuseme katibu wa kikundi cha akina mama amekutumia faili ya Word kwa WhatsApp. Ni andiko la mradi: wanaomba mkopo wa halmashauri watengeneze siagi ya karanga. Ombi lake ni fupi. Upitie lugha, maana keshokutwa wanalipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii. Unapanga koma, unaondoa maneno yaliyojirudia, na ukifika ukurasa wa nne unakutana na mchanganuo wa gharama.

| Mahitaji | Idadi | Bei (Sh) | Jumla (Sh) |
|---|---|---|---|
| Mashine ya kusaga | 1 | 2,800,000 | 2,800,000 |
| Mashine ya kukaanga | 1 | 1,450,000 | 1,450,000 |
| Karanga ghafi | kilo 600 | 3,500 | 2,100,000 |
| Makopo na vifuniko | 2,000 | 450 | 900,000 |
| Lebo | 2,000 | 100 | 200,000 |
| Kodi ya chumba | miezi 6 | 150,000 | 900,000 |
| Jumla kuu | | | 8,050,000 |

Kila mstari ukiuzidisha peke yake uko sawa. Ukiijumlisha yote sita, unapata 8,350,000. Zimepotea laki tatu.

Hukuombwa kukagua hesabu, lakini umeshaona. Hapo watu hugawanyika. Wako wanaorekebisha na kunyamaza, wakiamini wamesaidia. Wengine huweka rekebisho lenye alama, wengine huandika maoni pembeni mwa ukurasa, na wengine humwandikia mwenye faili ujumbe wa kando. Wapo pia wanaoliacha kwa hoja kwamba halikuwa kazi yao. Hilo la mwisho nalitoa mapema: kosa la laki tatu kwenye maombi ya fedha halinyamaziwi na mtu aliyeliona, hata kama alilipwa kwa ajili ya koma. Ulinganisho wenyewe uko kwenye njia nne zilizobaki.

Kurekebisha kimya

Njia hii inavutia kwa sababu inaonekana ni ya huruma. Unafuta 8,050,000, unaandika 8,350,000, mama wa watu hapati aibu, na faili inarudi safi.

Tatizo ni kwamba namba hiyo haikai mahali pamoja. Rudi ukurasa wa kwanza: "Tunaomba mkopo wa Sh 8,050,000 (shilingi milioni nane na elfu hamsini tu)." Nenda ukurasa wa sita: marejesho ni Sh 575,000 kwa mwezi kwa miezi 14. Zidisha, utapata 8,050,000 kamili, kwa kuwa mikopo hii ya halmashauri haina riba. Kisha tazama kiambatisho: muhtasari wa kikao ambamo wanachama wamekubaliana kukopa kiasi kilekile, na sahihi zao ziko chini.

Ukibadilisha jumla ya jedwali peke yake, umetengeneza andiko linalojipinga mahali pasipopungua pane. Ukiamua kuzifuata zote, itabidi uandike upya kiasi kwa maneno, ugawe 8,350,000 kwa 14 upate 596,428 na senti zake, halafu ufike kwenye muhtasari uliosainiwa, ambao huna haki ya kuugusa hata herufi moja. Aliyeombwa lugha sasa anawapangia akina mama deni lao la kila mwezi.

Na bado hujui kama namba sahihi ni hiyo uliyoiweka. Laki tatu zimetoka wapi? Gawanya 300,000 kwa kilo 600 za karanga, utapata 500. Yaelekea kabisa kwamba bei ya karanga ilikuwa 3,000 wakati wa kikao, ikapanda, mtu akabadilisha mstari ule, jumla ikabaki ya zamani. Word hufanya hivyo hasa. Jumla iliyowekwa ndani ya jedwali kwa fomula hii

```
=SUM(ABOVE)
```

haijihesabu upya namba za juu yake zinapobadilika, tofauti na Excel. Hukaa na jibu lake la zamani mpaka mtu abofye juu yake na kubonyeza F9, au achague Update Field. Ukitaka kujua kama ndivyo ilivyo, bofya ile jumla. Ikipata kivuli cha kijivu, hiyo ni fomula. Isipopata, mtu aliichapa kwa mkono. Kutazama kivuli hakubadilishi chochote, kwa hiyo tazama bila wasiwasi. F9 iache, kwa sababu ukiibonyeza umeshachukua uamuzi.

Uamuzi wenyewe una sura mbili, na zote ni za wenye kikundi. Wanaweza kusema karanga zimepanda, kwa hiyo waitishe kikao tena na kuomba 8,350,000. Wanaweza pia kusema waliyokubaliana ni 8,050,000, hivyo watapunguza kilo za karanga au miezi miwili ya kodi ili jedwali lirudi pale. Mtu wa nje akirekebisha kimya amewachagulia la kwanza bila wao kujua kwamba kulikuwa na la pili.

Kimya nakiruhusu mahali pamoja tu: ndani ya kile ulichoombwa. Tahajia, nafasi mbili baada ya nukta, "mashne" kuwa "mashine". Hayo ndiyo uliyotumwa.

Rekebisho lenye alama

Word ina Track Changes, na Google Docs ina hali ya Suggesting. Kila ulichofuta na kuongeza kinabaki kikionekana, na mwenye faili anakubali au anakataa. Kwa kazi ya lugha hakuna njia bora kuliko hii, na ningemshauri yeyote anayepitia kazi ya mwenzake aiwashe kabla hajagusa neno la kwanza.

Kwa hiyo wengi huona inafaa pia kwa lile kosa la hesabu. Si utaonekana umependekeza tu, na uamuzi umeuacha kwake? Kwa nadharia ni kweli. Lakini fikiria faili inavyomfikia. Ina marekebisho mengi ya koma na herufi kubwa, mistari myekundu kila ukurasa. Anayafungua mawili matatu, anaona ni madogo na ya haki, anachagua Accept All Changes, basi. Laki tatu zimekubaliwa pamoja na koma. Alama ilikuwepo, ila hakuna aliyeamua.

Ndiyo sababu napenda mpaka uwe wazi: ulichoombwa kipite kwa Track Changes, ulichokiona pembeni kipite njia nyingine. Mtu akikubali yote kwa mbofyo mmoja, awe amekubali kile tu alichokuomba.

Kuna jambo la pili linalofanya njia hii ihitaji uangalifu hata ndani ya lugha yenyewe, nalo ni majina. Kwenye orodha ya wanachama ameandikwa "Mwanaidi", kwenye sahihi ni "Mwanahidi". Mkono wa mhariri unawasha kuyalinganisha. Usiyaguse. Jina linatakiwa lifanane na kitambulisho cha taifa, na wewe hujakiona. Huenda tahajia unayoiona ya ajabu ndiyo iliyoko NIDA. Hilo ni swali la kumuuliza katibu, halimo kwenye marekebisho.

Maoni ya pembeni

Hapa unachagua ile namba, unabonyeza New Comment, unaandika ulichoona. Maandishi hayaguswi. Accept All haiyamezi maoni. Yanabaki mpaka mtu ayasome na kuyafuta. Na yamekaa juu ya mahali penyewe, kwa hiyo msomaji hatafuti.

Kama yatakuwa na thamani au la, inategemea sana yalivyoandikwa. Linganisha haya mawili.

"Hesabu haijakaa sawa, rekebisheni."

"Nikijumlisha mistari sita ya safu hii napata 8,350,000, hapa pameandikwa 8,050,000, tofauti 300,000. Sijabadilisha. Kiasi hiki kiko pia uk. 1, uk. 6 na kwenye muhtasari."

La kwanza linatoa hukumu na kumwachia mtu kazi ya kutafuta kosa liko wapi. La pili linampa njia ya kuhakikisha mwenyewe kwa simu yake, linamwambia kwamba hukugusa kitu, na linamtahadharisha asibadilishe sehemu moja akasahau nyingine. Halisemi nani kakosea, kwa sababu hujui: inaweza kuwa katibu, inaweza kuwa kijana wa steshenari aliyechapa.

Kuonyesha mahali na ushahidi ndiyo desturi ya wanaofanya kazi hii kwa dhati. Mwaka 2013 mwanafunzi wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, Thomas Herndon, alipewa na Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff faili lao la Excel lililokuwa nyuma ya utafiti uliosifika sana kuhusu deni la taifa. Aliona wastani umechukua mistari ya 30 hadi 44 badala ya 30 hadi 49, na nchi tano zimeachwa nje. Waliosoma maelezo yake walioneshwa visanduku vyenyewe. Watafiti wale walilikiri kosa hilo la Excel, ingawa walibaki na msimamo wao kuhusu hoja kubwa. Mstari na namba vinaweza kukaguliwa na kila upande. Neno "haijakaa sawa" halikaguliki.

Maoni ya pembeni yana udhaifu wake wa kweli. Katibu akifungua faili kwenye simu kwa kulitazama tu ndani ya WhatsApp, huenda asiyaone kabisa. Na wakiyasahau ndani ya faili, yanaweza kutoka kwenye karatasi siku ya kuchapisha, afisa akasoma mazungumzo yasiyomhusu. Ukiyatumia, mwambie yako mangapi na kwamba yafutwe kabla ya kuchapa. Kwenye Word hilo ni agizo moja, Delete All Comments in Document.

Maoni yakizidi nayo yanaharibu. Andiko lenye maoni thelathini ya mambo ambayo hukuombwa linamfanya mwenye kazi ajisikie amenyang'anywa, na lile la laki tatu linapotea katikati ya mengine. Chagua yenye madhara, yaliyobaki uyaache.

Ujumbe wa kando

Hii ndiyo njia ninayoipa uzito zaidi kwa kosa linalogusa sehemu zaidi ya moja, kama hili. Ujumbe unafika kabla faili halijafunguliwa, unasomeka hata kwenye simu ndogo, na hautaandamana na andiko kwenda halmashauri. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Lugha nimemaliza, faili ni hili, marekebisho yote yana alama. Kuna mambo matatu niliyoyaona nikipita, sikuyagusa kwa kuwa ni ya kikundi kuamua. (1) Uk. 4, mistari ya gharama inafika 8,350,000 lakini jumla ni 8,050,000. Tofauti ni laki tatu, sawa na Sh 500 kwa kila kilo ya karanga; je, bei ilibadilishwa baadaye? Kiasi hicho kiko pia uk. 1, kwenye marejesho na kwenye muhtasari uliosainiwa. (2) Jina la mwanachama wa nne limeandikwa kwa namna mbili, na namba yake ya kitambulisho ina tarakimu 19. (3) Uk. 2 mmeandika wanawake wametengewa asilimia 5. Naamini sasa ni 4, ila mthibitishe kwa afisa. Hesabu nyingine sikuzikagua."

Angalia jinsi mambo hayo matatu yalivyo na uhakika tofauti, na lugha inavyobadilika kuufuata. La kwanza linathibitika ndani ya andiko lenyewe, kwa hiyo linasemwa kwa namba bila kusitasita. Dhana ya bei ya karanga tu ndiyo imewekwa kama swali. La pili nusu yake ni ya uhakika: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo 19 ni pungufu hata kama hujui ipi imedondoka. Jina lenyewe hulijui, unaeleza tu kwamba yapo mawili. La tatu linatoka nje ya andiko, kwenye kile unachokijua wewe. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inagawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hesabu ya tano kwa tano ni ya utaratibu wa zamani kabla ya 2018, na yaelekea andiko limenakiliwa kutoka la miaka hiyo. Hata ukiwa na uhakika, mwelekeze kwa anayeweza kuthibitisha, maana jina litakalokuwa chini ya andiko ni la kikundi.

Sentensi ya mwisho ya ujumbe ule watu huiruka, na mimi naiona ni ya lazima. Ukimtajia mtu kosa moja la hesabu bila kusema kwamba hukukagua mengine, atadhani umekagua yote na hilo ndilo pekee. Marejesho, makadirio ya mauzo, makopo mangapi yatatoka kwenye kilo 600, hayo hukuyapitia, na anastahili kujua.

Ujumbe huu uende kwa aliyekutuma peke yake. Ukiutupa kwenye kundi la wanachama wote, umemvua katibu nguo mbele ya wenzake, na umesambaza namba ya kitambulisho ya mtu. Hata kwa katibu hakuna haja ya kuandika namba yenyewe. "Mwanachama wa nne" inatosha.

Kama andiko linapelekwa leo saa kumi jioni na sasa ni saa saba, piga simu, halafu tuma ujumbe uleule ili awe na maandishi ya kufuatia.

Zikiwekwa pamoja

| Njia | Inafaa kwa | Inapoharibika |
|---|---|---|
| Kimya | Tahajia na nafasi, ndani ya ulichoombwa | Ikigusa namba, jina, tarehe au masharti |
| Track Changes | Kazi yote ya lugha | Kosa zito likichanganywa na koma, likakubaliwa bila kusomwa |
| Maoni ya pembeni | Jambo la mahali pamoja | Faili likitazamwa kwa simu, au maoni yakichapishwa |
| Ujumbe wa kando | Jambo linalogusa sehemu nyingi au linalohitaji kikao | Ukiwa mrefu, au ukienda kwa wasiohusika |

Kwa andiko la karanga ningetumia tatu kwa pamoja: Track Changes kwa lugha, maoni mawili kwenye ile jumla na kwenye jina, na ujumbe unaoeleza yote matatu. Kiasi kwa maneno ukurasa wa kwanza nisingekigusa hata kidogo. Kwa hundi, kwa mfano, sheria ya Uingereza ya 1882, iliyofuatwa na sheria za hundi za Kenya na Tanzania, inasema maneno na tarakimu vikitofautiana, maneno ndiyo yanayohesabika. Andiko la mradi si hundi, lakini mazoea hayo yanaonyesha kwa nini kubadili tarakimu na kusahau maneno ni hatari.

Liko kundi moja ambalo silipeleki kwa njia yoyote kati ya hizi nne bila kuulizwa, nalo ni maoni yangu kuhusu biashara yenyewe. Chumba cha laki moja na nusu kinaweza kuonekana ghali kwangu, na mashine ya kukaanga ningeinunua ndogo. Hayo si makosa. Wao wanaijua mitaa yao na wateja wao. Nikiona lina uzito sana, naongeza sentensi moja mwishoni mwa ujumbe: "Nina wazo moja kuhusu gharama za chumba, ukipenda nitakuambia." Asipojibu, limeishia hapo.

Baada ya ujumbe, subiri. Akisema kikundi kimekaa na kimebaki na 8,050,000 kwa kupunguza karanga, yeye ndiye abadilishe jedwali, kisha akiomba upitie tena, unaangalia kilo mpya zikizidishwa kwa 3,500 zinatoa kiasi gani. Laki tatu kamili hazigawanyiki kwa 3,500 bila baki: wakitoa kilo 86 wanashuka kwa 301,000, na jumla inakuwa 8,049,000. Ukiona hivyo, mwambie tena kwa namna ileile, kwamba kuna Sh 1,000 ya tofauti na kwamba hukuigusa. Akikujibu tu "iache hivyohivyo," iache, umeshasema na ushahidi anao. Ila ukifahamishwa kwamba kosa lilikuwa la makusudi ili kumdanganya anayesoma, rudisha faili na useme huwezi kuendelea na kazi hiyo.